Kupima umri kwenye mistari ya kiganja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nasoma viganja na nafundisha wengine kusoma. Katika kazi hii yote hakuna jambo linalozua matumaini na hofu isiyo ya lazima kama tarehe: "utaolewa ukiwa na miaka 27", "kuna ajali 2031". Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi kuhusu tarehe hizo. Nimeyajibu kwa vipimo ili kila mtu aweze kuchukua rula na kuhakikisha mwenyewe.

Kipimo cha umri ni nini?

Ni utaratibu wa kugawa mstari wa kiganja katika vipande, kila kipande kikihesabiwa kuwa ni miaka fulani ya maisha. Ukiona alama kwenye mstari, kwa mfano mkato, kisiwa, yaani mahali mstari unapogawanyika kisha kuungana tena, tawi au mahali palipokatika, unatazama imeangukia kipande kipi, kisha unasema: hili ni jambo la umri huu.

Mistari inayopimwa mara nyingi ni miwili. Wa kwanza ni mstari wa uhai, ule unaozunguka shina la gumba. Unahesabiwa kutoka juu, kati ya gumba na kidole cha shahada, kushuka hadi karibu na kifundo cha mkono. Wa pili ni mstari wa majaliwa, unaopanda katikati ya kiganja kuelekea kidole cha kati. Huu unahesabiwa kinyume, yaani utoto uko chini kwenye kifundo na uzee uko juu karibu na kidole. Mstari wa kichwa, unaokata katikati ya kiganja kwa upana, na wa moyo, unaopita juu yake chini ya vidole, nayo wapo wanaoitumia kupima umri, ila hapo wasomaji hawaelewani hata kidogo, na mimi siitumii kwa tarehe.

Namba 35 na 49 ambazo kila msomaji anazitaja zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye hesabu ya saba. Katika mapokeo ya Ulaya maisha ya mtu yalihesabiwa kuwa miaka 70, nusu yake ni 35, na safari nzima ikagawanywa kwa vipindi vya miaka saba saba: 7, 14, 21, 28, 35, 42, 49 na kuendelea. Aliyeieneza sana ni Cheiro, Mwairishi ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa William John Warner (1866–1936), aliyekuwa maarufu sana London mwishoni mwa karne ya 19. Katika utaratibu huo, pale mstari wa majaliwa unapokutana na mstari wa kichwa ni umri wa miaka 35, na pale unapokutana na mstari wa moyo ni 49.

Angalia kilichofanyika hapo. Hakuna mtu aliyekusanya mikono elfu moja, akaandika matukio ya wenye mikono hiyo, kisha akagundua kwamba mahali pale ni 35. Namba ilikuwepo kwanza, mkono ukapangwa kuifuata. Ndiyo maana wasomaji wengine wanaweka makutano ya mstari wa moyo kwenye 50, na wengine 55, na hakuna anayeweza kumthibitishia mwenzake kwamba amekosea.

Na mapokeo ya Kihindi yanasemaje?

Swali zuri, hasa kwa sisi wa pwani, maana msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huenda amefundishwa kwa njia ya Kihindi kabisa. Katika maandiko ya kale ya Kihindi, mstari wa umri ni ule ambao Wazungu wanauita mstari wa moyo. Unaanzia pembeni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, na unasomwa kuelekea kidole cha shahada. Ukifika kwenye kidole cha shahada, mwenye mkono anahesabiwa miaka 100. Kwa hiyo wasomaji wawili waliosoma vizuri, kila mmoja katika mapokeo yake, wanaweza kutafuta umri wako kwenye mistari miwili tofauti kabisa ya mkono uleule.

Nipimeje mstari wa uhai nyumbani?

Unahitaji uzi mwembamba, rula yenye milimita na kalamu yenye ncha nyembamba. Legeza mkono, usiukunje wala usiunyooshe kwa nguvu. Weka mwanzo wa uzi ukingoni mwa kiganja, pale mstari unapoanzia kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha ulaze uzi juu ya mstari ukiufuata pindo lake lote hadi mkunjo wa kwanza wa kifundo. Weka alama kwenye uzi, unyooshe juu ya rula, soma urefu.

Tuseme umepata milimita 105. Ukitumia kipimo cha miaka 70, kila mwaka unapata milimita moja na nusu. Alama iliyo milimita 42 kutoka mwanzo itakuwa ya umri wa miaka 28.

Hapa kuna kosa ambalo wanafunzi wangu karibu wote hulifanya. Mstari wa mtu unaishia njiani, labda milimita 70 tu, nao wanaigawa ile miaka yote 70 katika milimita hizo 70. Sivyo. Kinachopimwa ni njia yote ya kuzunguka shina la gumba hadi kifundoni, hata kama mstari wenyewe haukufika. Wengine hugeuza kosa hilo: wanaona mstari umeishia milimita 70, wanahesabu miaka 46, halafu wanasema huo ndio mwisho wa uhai wa mtu. Nitalirudia hili chini kidogo kwa sababu limewatia watu uchungu mwingi.

Milimita moja na nusu kwa mwaka inatosha kusema mwaka kamili?

Haitoshi. Mstari wenyewe una upana, mara nyingi karibu milimita moja. Alama inayoukata nayo ina upana wake, na kisiwa kinaweza kuwa na urefu wa milimita tano au sita. Hata ncha ya kalamu unayowekea alama inakula sehemu ya mwaka. Ukikosea milimita tatu tu katika kulaza uzi kwenye pindo, jambo linalotokea kwa urahisi, umeshakosea miaka miwili.

Lakini makosa ya mkono ni madogo kuliko makosa ya uamuzi. Katika mikono mingi mstari wa uhai na wa kichwa vinaanza vikiwa vimeshikana, kisha vinaachana baada ya sentimita moja hivi. Je, uanze kuhesabu ukingoni, au pale vinapoachana? Chukua mkono wetu wa milimita 105, na tuseme vinaachana baada ya milimita 12. Ukianzia pale vinapoachana, njia iliyobaki ni milimita 93, na ile alama yetu sasa iko milimita 30 kutoka mwanzo. Gawanya: inakuja karibu miaka 22 na nusu. Alama haikusogea, mkono haukubadilika, na tukio limehama kutoka 28 kwenda 22. Sasa badala ya miaka 70 tumia 100, ukianzia ukingoni kama mwanzo, na alama hiyohiyo inakuwa ya umri wa miaka 40.

Kwa hiyo alama moja imetupa 22, 28 na 40. Hakuna hesabu iliyofanywa vibaya hapo. Kilichobadilika ni kipimo tulichochagua.

Nionyeshe mfano mzima kwenye mstari wa majaliwa.

Tuchukue mkono wa mfano wa mwanamke aliyezaliwa 1986. Kwenye mkono wa kulia, kutoka mkunjo wa juu wa kifundo hadi pale mstari wa majaliwa unapokutana na wa kichwa ni milimita 56. Kutoka hapo hadi mstari wa moyo ni milimita 18. Kutoka mstari wa moyo hadi shina la kidole cha kati ni milimita 22.

Alama ya kwanza iko milimita 45 kutoka kifundoni: mstari unakatika na mwingine unaanza pembeni yake. Kimapokeo hii husomwa kama kubadili kazi au mwelekeo wa maisha. Milimita 56 ni miaka 35, kwa hiyo milimita 45 ni kama miaka 28, na tunafika 2014. Jibu linaonekana safi sana, na msomaji mwenye haraka angeishia hapo.

Sasa tazama mkono wake wa kushoto. Mstari wa kichwa umeinama zaidi kuelekea chini, kama ilivyo kwa watu wengi, na unakutana na mstari wa majaliwa kwenye milimita 48. Mahali hapo napo tunatakiwa kupaita 35. Alama iko kwenye kimo kilekile, milimita 45, lakini hesabu sasa inatoa karibu miaka 33, yaani 2019. Tofauti ya miaka mitano imeletwa na mwinamo wa mstari mwingine kabisa, ambao kwa mafundisho ya usomaji wa viganja unazungumzia namna mtu anavyofikiri na hauhusiani na kalenda. Kwangu mimi huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa kipimo hiki: misumari tunayoifunga kamba ya miaka nayo inahama kutoka mkono hadi mkono.

Alama ya pili iko kati ya mstari wa kichwa na wa moyo, milimita 7 juu ya mstari wa kichwa. Hapo milimita 18 zinabeba miaka 14 kama makutano ya moyo ni 49, na umri unakuwa kama 40 na nusu. Kama mwalimu wako alikufundisha kwamba makutano ya moyo ni 55, unapata karibu 43. Kwa mwanamke wetu hiyo ni kati ya mwisho wa 2026 na 2029.

Alama ya tatu iko katikati kabisa ya sehemu ya juu, milimita 11 juu ya mstari wa moyo. Sehemu hii ndiyo yenye matatizo makubwa. Je, shina la kidole ni umri gani? Ukisema 70, milimita 22 zinabeba miaka 21 na alama inakuwa ya miaka 59 na nusu. Ukisema 100, milimita zilezile zinabeba miaka 51 na alama inakuwa ya miaka 74 na nusu. Ni tofauti ya miaka 15 kwa alama moja. Kadiri unavyopanda ndivyo miaka inavyosongamana, na msomaji anayetaja mwaka kamili katika sehemu hii anatunga.

Kwa mkono huu mimi ningesema hivi: kuna dalili ya mageuzi mwishoni mwa miaka ya ishirini au mwanzoni mwa thelathini, nyingine mwanzoni mwa miaka ya arobaini, na moja ya utu uzima baada ya hamsini. Kipimo hakiwezi kubeba zaidi ya hapo.

Msomaji alinitajia mwaka sahihi niliofiwa na baba. Hiyo si ushahidi?

Pole kwa msiba. Naelewa jambo hilo linavyogusa, na sitaki kulipuuza. Ila tufanye hesabu pamoja. Tuseme mstari wako una alama sita kati ya umri wa miaka 10 na 50. Msomaji yeyote mwangalifu anaruhusu mwaka au miaka miwili mbele na nyuma. Ukiruhusu miwili kila upande, kila alama inafunika miaka mitano. Alama sita zisizogongana zinafunika miaka 30 kati ya 40. Maana yake ni kwamba tukio lolote la maisha yako katika miaka hiyo, hata lingechaguliwa kwa bahati nasibu, lina nafasi tatu kati ya nne za kuangukia kwenye "alama yake".

Ongeza kwamba maisha yana matukio mengi: shule, kazi, ndoa, uzazi, kuhama, maradhi, misiba. Msomaji akitaja umri wa miaka 24, wewe mwenyewe unatafuta kichwani jambo la miaka 24, na hukosi. Kisha yale yaliyokosea yanasahaulika na hili lililolenga linasimuliwa miaka na miaka.

Kama unataka kujaribu kwa haki, mwombe msomaji aandike umri wa matukio makubwa matatu kwenye karatasi, pamoja na aina ya tukio, kabla hujasema neno lolote. Wewe nawe andika yako matatu kwenye karatasi nyingine. Halafu zifunuliwe pamoja. Nimewafanyisha wanafunzi zoezi hili, na kila wakati linawapunguzia ujasiri wa kutaja miaka. Naona ni faida.

Wengine wanauliza kwanza matukio yangu ya zamani ili "kurekebisha kipimo". Ni sawa?

Ni utaratibu wa kawaida na una mantiki yake. Kama unajua ulihama nchi ukiwa na miaka 20, na kuna alama moja kubwa ambayo kipimo kinaiweka kwenye 23, msomaji anasogeza kipimo chote ili alama iangukie 20, kisha anasoma zilizobaki kwa kipimo hicho kipya.

Tatizo ni kwamba anaamua yeye alama ipi ni ya kuhama. Akichagua alama ya jirani, kipimo kinasogea upande mwingine na tarehe zote za mbele zinabadilika. Pia, alama iliyotumika kurekebishia haiwezi tena kuhesabiwa kama utabiri uliotimia. Nasikia watu wakisema "aliona kwamba nilihama", ilhali wao ndio waliomwambia. Ukitaka kutumia njia hii, rekebisha kwa tukio moja, kisha kipime kipimo kwa matukio mengine mawili ambayo hukuyataja. Yakikataa, usilazimishe.

Naweza kutuma picha ya simu nipimiwe?

Kuona sura ya mistari, inatosha. Kupima umri, hapana, au angalau si kwa uhakika. Simu ikishikwa karibu na kwa mshazari, upande mmoja wa kiganja unaonekana mkubwa kuliko mwingine, na ile milimita moja ya mwaka inapotea hapo. Vidole vikinyooshwa sana ngozi inavutika, vikikunjwa kidogo mistari inafupika. Mwanga wa pembeni unafanya mikunjo midogo ionekane kama mikato mikubwa.

Chapa ya wino ni bora, ila nayo ina mtego wake. Katikati ya kiganja kuna bonde, na mstari wa majaliwa unapita humo humo. Ukikandamiza mkono juu ya karatasi iliyo mezani, bonde halishiki wino na mstari unaonekana umekatika mahali ambapo haukukatika. Nimeona chapa ambayo "mkatiko" wake ulikuwa ni bonde tu, na tayari mtu alikuwa ameshausomea tukio. Dawa yake ni kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya karatasi ili iinuke na kujaza bonde, kisha kulinganisha chapa na mkono wenyewe kabla ya kupima chochote.

Sina mstari wa majaliwa kabisa. Tarehe zangu zitapimwa wapi?

Watu wengi hawana, au wanao kipande tu. Haina maana mbaya yoyote, na usikubali mtu akutishe. Ina maana tu kwamba kipimo hicho hakikuhusu.

Wapo pia wenye mstari mmoja unaokata kiganja chote mahali pa mstari wa kichwa na wa moyo. Huonekana kwa watu wachache wenye afya njema kabisa, na mara nyingi zaidi kwa wenye hali ya Dauni. Kwa mkono wa namna hii 35 na 49 zinaangukia mahali pamoja, na kipimo kinavunjika chenyewe. Wasomaji wengine hubuni mistari ya kufikirika ili waendelee kuhesabu. Mimi huacha.

Bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa. Atasomwaje?

Kwa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wake. Wazee wengi hawakuandikwa walipozaliwa. Umri wao unakadiriwa kwa matukio: alizaliwa wakati wa vita, mwaka wa njaa, alikuwa anatembea tayari Uhuru ulipokuja. Kwenye kitambulisho ikawekwa tarehe ya kukadiria, mara nyingi tarehe mosi Januari.

Kipimo cha kiganja hutoa umri, na ili upate mwaka lazima ujumlishe na mwaka wa kuzaliwa. Kama mwaka wa kuzaliwa unaweza kukosewa kwa miaka mitatu, na umri uliosomwa unaweza kukosewa kwa miaka mitano, makosa hayo mawili yanaweza kujumlishana na kufika minane. Kwa bibi yako zungumzia vipindi anavyovikumbuka: usichana, kulea, ujane, uzee. Atakueleza mengi kuliko mstari.

Mstari wangu wa uhai ni mfupi. Nitakufa mapema?

Hapana, hakuna anayeweza kukuambia hivyo kwa kutazama mstari huo. Hata ndani ya mapokeo yenyewe wasomaji makini wanausoma kama nguvu na mwenendo wa maisha, na urefu wake hawauhesabu kuwa tarehe ya kifo.

Madaktari nao walishawahi kuupima. Uchunguzi uliochapishwa 1974 haukupata uhusiano kati ya urefu wa mstari wa uhai na umri wa kufa. Mwingine wa 1990 kutoka Uingereza, uliopima maiti 100, ulipata kwamba waliokufa wazee walikuwa na mistari mirefu zaidi. Watu wanapenda kuunukuu huo wa pili bila kufikiria kwamba ngozi hukunjamana kadiri miaka inavyokwenda. Mkono wa mtu wa miaka 85 umejikunja mara nyingi kuliko wa miaka 40, na mkunjo uliorefuka kwa sababu mtu ameishi sana hauwezi kuwa umetabiri kwamba ataishi sana.

Mistari mikubwa yenyewe inajitengeneza tumboni, kati ya wiki ya 7 na ya 14 ya mimba, ni mikunjo inayoiwezesha ngozi kufuata mkono unapofumbwa. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inabeba tarehe za baadaye. Nasema hivi nikiwa mtu ninayependa kazi hii. Thamani yake naiona kwenye mazungumzo ya mtu kuyatazama maisha yake, na mazungumzo hayo hayahitaji tarehe ya kifo.

Ukisomewa umri wa kufa, wako au wa mtoto wako, ondoka. Na kama una dalili za ugonjwa, nenda hospitali. Usisubiri umri uliotajiwa upite.

Kama mistari hubadilika, tarehe nazo hubadilika?

Mikunjo mikubwa haibadiliki sana. Midogo, ambayo ndiyo hutumika zaidi kama alama za matukio, hubadilika. Kazi za jembe, nondo na saruji huota sugu na kufuta mikato. Ngozi ikikauka mikato huongezeka, mwili ukivimba wakati wa ujauzito mingine hupotea kisha hurudi. Kwa hiyo ukipima mwaka huu na ukapima tena baada ya miaka mitano unaweza kukuta alama ya "miaka 38" haipo. Ukichukua chapa mbili za miaka tofauti na kuziweka sambamba utaona mwenyewe alama zipi ni za kudumu, na zile za kupita hazifai kupewa tarehe.

Je, dini inaruhusu?

Wengi wa wasomaji wangu ni Waislamu na Wakristo, na siwezi kulikwepa swali hili. Katika Hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku 40. Biblia nayo inakataza uaguzi. Mwenye kufuata dini yake amuulize shehe au mchungaji wake, na akiambiwa aache, aache. Mimi simshawishi mtu. Naona tu kwamba anayetaja mwaka wa kifo au wa ndoa anadai elimu ya ghaibu waziwazi, na hapo ndipo wanazuoni wanapokuwa wakali zaidi.

Pwani kuna namna nyingine ya kutazama namba kiganjani ambayo haina ubishi huu: mistari ya mkono wa kulia inafanana na 18 kwa tarakimu za Kiarabu, ya kushoto na 81, na jumla ni 99, idadi ya majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni ya kumkumbuka Mola, wala haihesabu umri wa mtu.

Basi msomaji aseme nini akiulizwa "lini"?

Ataje kipindi badala ya mwaka, na upana wa kipindi ulingane na mahali alama ilipo. Chini ya 35 kwenye mstari wa majaliwa, kipindi cha miaka mitano hivi kinatosha. Kati ya 35 na 50, mitano hadi saba. Juu ya mstari wa moyo aseme tu "baada ya hamsini" na aishie hapo. Kwenye mstari wa uhai mimi huacha miaka mitano kila upande, kwa sababu ya lile suala la mahali pa kuanzia.

Aseme pia anatumia kipimo gani: "nahesabu kwa miaka 70, kuanzia ukingoni, 35 kwenye mstari wa kichwa." Anayesomewa akienda kwa msomaji mwingine na kupata umri mwingine, atajua tofauti imetoka wapi. Apime mikono yote miwili, na kama inatofautiana kwa zaidi ya miaka mitano, aseme haijulikani. Na asikubali kuulizwa "ni mwaka gani hasa?" mara ya pili na ya tatu mpaka ataje namba ili kumridhisha mtu, kwa sababu kuna anayeahirisha harusi au kukataa kazi kwa sababu ya namba hiyo.

Na kama nimeshatajiwa mwaka na unanikosesha usingizi?

Mrudie aliyekutajia umuulize mambo matatu: ulianzia wapi kuhesabu, mwisho wa mstari uliuita umri gani, na mkono wangu mwingine unasema umri gani. Au chukua uzi na rula ufanye mwenyewe kama nilivyoonyesha juu, mara moja kwa miaka 70 na mara moja kwa miaka 100. Utaona mwaka huo ukihama mbele yako.